MAELEZO KWA WATUMISHI NA WAKAAZI: NAMNA YA KUCHAGUA BIDHAA ZA KUACHA KUUZA KATIKA MADUKA YA USHIRIKA

Watumishi wa Serikali na wakaazi wa Unguja na Pemba wanaoendesha maduka ya ushirika, pamoja na wanachama ambao michango yao ndiyo mtaji wa maduka hayo, wanaelezwa katika ukurasa huu njia ya kupima bidhaa ipi iendelee kuwekwa dukani na ipi isiagizwe tena. Suala hili hujitokeza kila mara Kamati ya duka inapokutana na kukuta kwamba rafu zimejaa, daftari la mauzo linaonyesha faida, lakini fedha za kuagizia sukari na mafuta ya kupikia hazipo. Katika hali hiyo si mtaji uliopotea. Mtaji upo, ila umelala juu ya rafu katika sura ya vitu visivyonunuliwa upesi.

Kawaida ya Kamati nyingi ni kuangalia jambo moja kati ya mawili. Wengine huangalia mauzo, wakaamua kuondoa kile kinachouzwa kidogo. Wengine huangalia kiasi cha faida katika kila shilingi mia ya mauzo, wakaamua kuondoa kile chenye faida nyembamba. Njia zote mbili hupotosha, kwa sababu hakuna hata moja inayouliza bidhaa hiyo imeshika fedha kiasi gani, kwa muda gani, na imekalia nafasi ya ukubwa gani.

Ili jambo hili lifahamike, tuchukue mfano wa duka la ushirika wa watumishi katika mji wa Wete. Hesabu zake zimetungwa kwa ajili ya maelezo haya tu, lakini zimewekwa katika vipimo vinavyoweza kukutwa katika duka la kiasi hicho. Duka linauza vitu vingi. Hapa zitatazamwa bidhaa nne, nazo ni sukari, chupa za chai, pakiti za iliki na bizari, na nepi za watoto.

Kwa mwaka mmoja sukari iliuzwa kwa shilingi 36,000,000, na baada ya kutoa bei ya kununulia pamoja na nauli ya kuileta, ilibaki faida ghafi ya shilingi 1,800,000, yaani shilingi 5 katika kila 100. Chupa za chai ziliuzwa kwa shilingi 3,000,000 tu, lakini faida ghafi yake ilikuwa shilingi 1,200,000, yaani shilingi 40 katika kila 100. Iliki na bizari ziliuzwa kwa shilingi 1,800,000 na kuacha shilingi 540,000. Nepi ziliuzwa kwa shilingi 6,000,000 na kuacha shilingi 720,000.

Mwanakamati anayetazama mauzo peke yake atasema iliki na bizari ziondolewe, kwa kuwa ndizo za mwisho. Mwenzake anayetazama unono wa faida atasema sukari ndiyo mzigo usio na maana, na chupa za chai ziongezwe. Kabla ya kuwafuata hao wawili, ni lazima ipatikane hesabu ya tatu, nayo ni thamani ya mali inayokaa dukani kwa wastani, kwa bei iliyonunuliwa na si kwa bei ya kuuzia.

Wastani huu ndio mahali ambapo makosa mengi hutokea. Maduka mengi huhesabu mali mara moja tu kwa mwaka, wakati wa kufunga hesabu. Ikiwa hesabu hiyo itaangukia wiki moja baada ya Sikukuu ya Idi, rafu zitakuwa tupu na duka litaonekana kama halikufunga fedha nyingi. Ikiangukia wiki mbili kabla yake, itakuwa kinyume. Inafaa mali ihesabiwe tarehe ile ile ya kila mwezi, hesabu kumi na mbili zijumlishwe, kisha zigawanywe kwa kumi na mbili. Duka lisiloweza kufanya hivyo kwa vitu vyote lifanye angalau kwa bidhaa zinazotiliwa shaka.

Katika duka la mfano wetu, wastani wa sukari iliyokuwapo ulikuwa wa shilingi 600,000. Wa chupa za chai shilingi 2,400,000. Wa iliki na bizari shilingi 180,000. Na wa nepi shilingi 300,000. Sasa faida ghafi ya mwaka igawanywe kwa wastani huo. Kila shilingi iliyowekwa katika sukari ilirudisha faida ya shilingi 3 kwa mwaka. Katika iliki na bizari pia ilikuwa shilingi 3. Katika nepi ilikuwa shilingi 2 na senti 40. Katika chupa za chai ilikuwa senti 50 tu. Ile bidhaa iliyosifiwa kwa unono wa faida ndiyo iliyokuwa ya mwisho, na zile mbili zilizotakiwa kuondolewa ndizo zilizoongoza.

Sababu yake ni nyepesi kueleza. Sukari huingia na kutoka karibu kila wiki, kwa hiyo shilingi ile ile hufanya kazi zaidi ya mara hamsini kwa mwaka, na kila safari huleta faida kidogo. Shilingi iliyoingia katika chupa ya chai husubiri mwaka na miezi minne kabla ya kurudi. Faida yake ni kubwa inaporudi, lakini safari zake ni chache mno.

Hata hivyo hesabu hii haijakamilika kwa duka la watumishi, kwa kuwa duka la namna hiyo huuza sehemu kubwa ya vyakula kwa mkopo hadi mshahara utoke. Mfuko wa sukari unaponunuliwa kwa daftari, sukari imeondoka juu ya rafu lakini fedha hazijarudi. Zimehama kutoka kwenye rafu na kuingia kwenye daftari la madeni. Fedha hizo nazo zimefungwa na bidhaa hiyo, na ni haki zihesabiwe pamoja nayo. Tuseme nusu ya sukari iliuzwa kwa mkopo na deni lilikaa siku 15 kwa wastani. Nusu ya sukari hiyo kwa bei ya kununulia ni shilingi 17,100,000 kwa mwaka. Siku 15 kati ya 365 za kiasi hicho ni kama shilingi 700,000. Kwa hiyo sukari haikufunga shilingi 600,000 bali shilingi 1,300,000, na faida kwa kila shilingi inashuka kutoka shilingi 3 hadi kama shilingi 1 na senti 38. Sukari bado ni bidhaa nzuri. Lakini Kamati ikiona tarakimu hiyo itafahamu kwamba kinachopunguza faida yake ni mkopo, wala si bei ya mwenye jumla.

Kwa upande wa pili, mwenye jumla akitoa bidhaa kwa muhula wa siku 30 na bidhaa hiyo ikauzika kwa taslimu ndani ya siku 10, duka halikufunga fedha yake hata kidogo katika bidhaa hiyo. Basi deni la duka kwa mwenye jumla hupunguzwa katika wastani wa mali. Na kama fedha hulipwa kabla ya mzigo kupakiwa, siku zote ambazo mzigo unasubiri chombo au kutolewa bandarini Mkoani ni siku ambazo fedha imelala, ingawa rafu ni tupu. Wakati wa kusi, bahari inapochafuka na vyombo vidogo vinapochelewa, tofauti hii si ndogo. Duka lililosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani litoe kodi hiyo katika mauzo kabla ya kuanza hesabu yoyote, kwa kuwa si mali yake.

Baada ya fedha huja nafasi. Kipimo chake ni urefu wa rafu ambao bidhaa imeukalia, kwa mita, rafu zote zikijumlishwa. Sukari imekalia mita 2, na kila mita ilileta faida ghafi ya shilingi 900,000 kwa mwaka. Iliki na bizari zimekalia nusu mita, na kwa kipimo cha mita nzima ni shilingi 1,080,000. Chupa za chai zimekalia mita 3, sawa na shilingi 400,000 kwa mita. Nepi zimekalia mita 4, sawa na shilingi 180,000 kwa mita. Hapa nepi, ambazo katika hesabu ya fedha zilisimama vizuri, zimekuwa za mwisho kabisa.

Swali linalofuata ni kipimo kipi kifuatwe, na jibu lake linatokana na hali ya duka lenyewe. Duka ambalo rafu zake zina nafasi lakini hushindwa kulipia mzigo lifuate kipimo cha fedha. Duka lenye fedha benki lakini chumba chake ni kidogo, kama yalivyo mengi ya Mji Mkongwe ambako ukuta hauwezi kusogezwa, lifuate kipimo cha nafasi. Dalili ya upungufu wa fedha ni maagizo yanayokatwa nusu au kuahirishwa. Dalili ya upungufu wa nafasi ni makatoni yaliyorundikwa njiani wakati rafu zimejaa. Kuchanganya vipimo vyote viwili katika alama moja, kama baadhi ya watu wanavyopenda kufanya, huficha jambo lenyewe linalotafutwa.

Duka la mfano wetu linakosa fedha. Kwa hiyo jicho liende kwenye chupa za chai. Lakini kabla ya kuamua kwamba chupa za chai ziondoke zote, Kamati ifungue daftari na kutazama aina moja moja. Katika duka hilo kulikuwa na aina 12 za chupa, zenye ukubwa na rangi mbalimbali. Aina 3 kati ya hizo zililetea duka mauzo ya shilingi 2,100,000 na faida ya shilingi 840,000, nazo zilifunga shilingi 600,000 tu. Faida yake kwa kila shilingi ni shilingi 1 na senti 40. Aina 9 zilizobaki ziliuzwa kwa shilingi 900,000 na kuacha faida ya shilingi 360,000, huku zikifunga shilingi 1,800,000. Hizo zilirudisha senti 20 kwa kila shilingi. Aina 3 za kwanza ni bidhaa njema, na zikiuzwa taslimu zinalingana na sukari inayouzwa kwa mkopo. Ugonjwa umo katika zile 9. Kamati iliyoishia kwenye jumla ya chupa zote ingefukuza nzuri pamoja na mbaya.

Kinachozuia maduka mengi kuchukua hatua ni uchungu wa kuuza kwa hasara. Husemwa kwamba kitu kilichonunuliwa kwa shilingi 20,000 hakiwezi kutolewa kwa shilingi 15,000. Shilingi 20,000 hizo zimekwisha kulipwa na haziwezi kurudishwa na rafu. Lililobaki kuamuliwa ni shilingi 15,000 zitakazopatikana leo zitafanya kazi gani. Kwa mwendo wa mauzo ulivyo, aina hizo 9 zitamalizika baada ya miaka mitatu na zaidi, na wakati huo baadhi zitakuwa zimevunjika vioo au zimepitwa na aina mpya.

Tuseme duka linazitoa kwa bei iliyo chini ya bei ya kununulia kwa robo. Litapata shilingi 1,350,000 na kuandika hasara ya shilingi 450,000 mara moja. Fedha hizo zinataka mahali pa kwenda, na hapa ndipo penye hadhari kubwa kuliko zote. Tarakimu ya shilingi 3 kwa iliki na bizari ni wastani wa mali iliyopo sasa. Haina maana kwamba shilingi nyingine 1,350,000 zikitiwa humo zitaleta faida kwa kiwango hicho hicho. Kama wateja wote wa iliki wanaipata kila wanapoitaka, iliki ya ziada italala kama chupa za chai zilivyolala. Fedha ipelekwe kwenye bidhaa ambayo wateja waliitaka wakaikosa.

Kwa ajili hiyo duka liwe na daftari dogo la vilivyokosekana, ambalo muuzaji ataandika tarehe na jina la kitu kila mteja anaporudi mikono mitupu. Katika duka la mfano, daftari hilo lilionyesha kwamba mafuta ya kupikia yalikosekana siku sita katika kila mwezi, na kisa chake kilikuwa ufinyu wa fedha za kuagizia. Kwa wastani mafuta hayo yalirudisha shilingi 2 kwa kila shilingi. Kwa kuwa fedha za nyongeza hurudisha kidogo kuliko zile za mwanzo, Kamati ikadirie nusu yake, yaani shilingi 1. Basi shilingi 1,350,000 zitaleta faida ya shilingi 1,350,000 kwa mwaka badala ya shilingi 360,000 zilizokuwa zikipatikana katika zile aina 9 za chupa. Tofauti ni shilingi 990,000, na hasara ya shilingi 450,000 iliyoandikwa itakuwa imefidiwa kabla ya miezi sita kwisha. Kama daftari la vilivyokosekana halionyeshi kitu, ni afadhali fedha hizo zilipe deni la mwenye jumla kuliko kununuliwa mali nyingine kwa kubahatisha.

Nepi nazo hazina haja ya kuondolewa. Tatizo lake ni kukalia mita 4, na sehemu kubwa ya hizo ni pakiti za akiba ambazo zingeweza kukaa juu ya kabati au stoo. Zikibakishiwa mita 1 na nusu kwa pakiti za kuonyesha, na zikaagizwa kidogo kidogo, faida yake kwa mita itafika shilingi 480,000, juu ya ile ya chupa za chai. Mara nyingi bidhaa yenye kipimo kibaya cha nafasi hutibika kwa namna hii, na ni vyema lijaribiwe hili kabla ya kuandika barua ya kusitisha agizo.

Yapo pia mambo ambayo hesabu ya bidhaa moja moja haiyaoni. La kwanza ni bidhaa zinazovutana. Mtu aliyetoka nyumbani kwa ajili ya sukari hununua na majani ya chai, mkate na kiberiti. Njia ya kulipima ni kumwambia muuzaji aandike, kwa siku mbili za kawaida na siku mbili baada ya mshahara, kila mteja wa bidhaa inayotiliwa shaka amenunua nini kingine. Ushahidi ulio bora zaidi hupatikana bila gharama: siku ambazo bidhaa hiyo ilikosekana, mauzo ya vitu vingine yalikuwaje? Yakiwa yaliporomoka, bidhaa hiyo ina kazi kubwa kuliko faida yake yenyewe. Chupa za chai hazina sifa hii. Anayekuja kununua chupa ya chai huondoka na chupa ya chai.

La pili ni bidhaa zinazobadilishana. Ikiwa duka lina aina nne za sabuni ya kufulia na moja ikaondolewa, wateja wengi watachukua mojawapo ya zile tatu, na faida yake haipotei yote. Kwa sababu hiyo kupunguza aina ndani ya bidhaa moja huwa na hatari ndogo kuliko kuondoa bidhaa nzima.

La tatu ni kodi ya pango, umeme na mshahara wa muuzaji. Wapo wanaogawa gharama hizi kwa kila bidhaa kwa kadiri ya mauzo, kisha wakasema sukari inaleta hasara. Sukari ikiondoka, mwenye nyumba hatapunguza kodi wala muuzaji hatapunguziwa mshahara. Gharama ile ile itabebwa na bidhaa zilizobaki, na mwaka unaofuata nyingine itaonekana ya hasara. Gharama zinazofaa kukatwa katika faida ya bidhaa ni zile tu zitakazokoma bidhaa ikikoma, kama nauli, mifuko ya kufungia, uharibifu na kuoza.

Katika kulinganisha miezi, Kamati izingatie kwamba mwezi wa Ramadhani hurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Mwaka 2023 ulianza katika wiki ya nne ya Machi, na mwaka 2025 ukaanza katika siku za mwanzo za mwezi huo huo. Anayelinganisha Machi na Machi kwa bidhaa kama tambi, tende au unga wa ngano atadhani kwamba bidhaa imepanda au imeanguka, kumbe ni mfungo uliohama. Bidhaa za msimu zipimwe kwa kufuata mwezi wa Hijria, na zisihukumiwe kwa miezi ambayo hazikutarajiwa kuuzika. Nyingine hutosha kuagizwa mwezi mmoja kabla ya msimu na kutobakishwa baada yake.

Uamuzi wa kuacha bidhaa uandikwe katika kumbukumbu za kikao, pamoja na tarakimu zake tatu, yaani faida ghafi ya mwaka, fedha zilizofungwa na mita za rafu, na itajwe fedha itakayopatikana itakwenda kwenye bidhaa gani. Muuzaji apewe nakala ili asikubali mzigo mwingine kutoka kwa mleta bidhaa anayepita na gari. Baada ya miezi mitatu tarakimu hizo hizo zipigwe tena kwa bidhaa iliyopokea fedha, na daftari la vilivyokosekana lisomwe kuona kama wateja wameiulizia ile iliyoachwa. Ikiulizwa mara mbili au tatu kwa mwezi, iagizwe kwa mteja anayelipa kwanza, bila kurudishiwa nafasi yake juu ya rafu.